"Lied", "laid" au "lay"? Kulitafuta kosa kwenye vitenzi pacha vya Kiingereza

Kosa hili kompyuta hailipigii mstari mwekundu. Andika "The patient lied on the floor all night" uone: kila neno lipo kwenye kamusi, herufi zote ziko mahali pake, sentensi inapita. Ila anayeisoma kwa Kiingereza anaelewa kwamba mgonjwa alikesha sakafuni akidanganya. Kazi yangu hapa Dar ni kusahihisha ripoti za zamu, za stoo na za walinzi kabla hazijaenda kwa wakubwa, na sentensi za namna hii hazinipitii mbali. Wanaoziandika si watu wasiojua Kiingereza. Wanakimudu, wanaandika kurasa mbili bila kutetereka, halafu wanateleza palepale: "lie" na "lay", "rise" na "raise", na kidogo "sit" na "set".

Jozi hizi haziharibiki kwa njia moja, ndiyo maana kukariri orodha hakusaidii sana. Mmoja anakosea kwa sababu ya maana, mwingine kwa sababu ya wakati uliopita, mwingine kwa sababu ya sikio. Kwa hiyo anza na dalili uliyonayo, kisha ukitafute chanzo chake.

Kipimo ambacho unacho tayari

Tangazo likisema DAWASA wanalaza mabomba mtaani kwenu, hakuna atakayedhani mafundi wamelala. "Lala" imekuwa "laza", na mara ileile tunajua kuna kitu kinacholazwa. Kiswahili kinafanya hivyo kwa kiambishi, na mabadiliko tunayaona kwa macho: kaa na kalisha, keti na ketisha, panda na pandisha. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na kiambishi cha kutendesha. Kiambishi hicho kilibadili irabu ya katikati ya shina, halafu chenyewe kikafutika na karne, ikabaki irabu peke yake. "Lay" ni "laza" ya "lie". "Set" ni "ketisha" ya "sit". Hata "fell", kwa maana ya kuangusha mti, ni "angusha" ya "fall". "Raise" iliingia kutoka kwa watu wa Skandinavia, na huko kwao ilikuwa na uhusiano uleule na "rise".

Maana yake ni kwamba tofauti unayoitafuta unaijua tangu utotoni. Sema sentensi yako kwa Kiswahili, kisha jaribu kuchomeka kiambishi cha yambwa kabla ya shina. "Nililala sakafuni": huwezi kusema "niliilala sakafu", kiambishi hakina pa kukaa. Hapo chukua "lie". "Niliweka faili mezani": "nililiweka" inakubali bila shida. Hapo chukua "lay". "Maji yalipanda" haikubali, kwa hiyo "rise". "Tuliinua magunia" inakubali, "tuliyainua", kwa hiyo "raise".

Kipimo hiki kina mahali kinapodanganya. Kauli ya kutendea huleta yambwa hata pasipostahili: "ameulalia mkono wake" ina kiambishi, lakini Kiingereza kinabaki na "lie" na kuongeza "on": "He is lying on his arm". Kwa hiyo ukiona "lalia" au "kalia", irudishe kwanza kwenye "lala" na "kaa", ndipo upime. Na "panda" ni maneno matatu katika vazi moja. Bei ikipanda ni "rise", lakini ukiupanda mti ni "climb", na ukiipanda mbegu ni "plant". Kipimo kinahusu ile ya bei tu.

Dalili: "Yesterday I laid on the bed"

Hili ndilo kosa sugu kuliko yote, na kwa kawaida chanzo chake si maana. Ukimuuliza mwandishi kwa wakati uliopo anajibu vizuri, "I lie on the bed". Anaharibikiwa akirudi jana, kwa sababu hapo Kiingereza chenyewe kimetega mtego. Tazama safu ya pili:

```
lie   lay    lain   lying
lay   laid   laid   laying
lie   lied   lied   lying
```

Mstari wa kwanza ni kulala au kuwa mahali, wa pili ni kulaza au kuweka, wa tatu ni kudanganya. Wakati uliopita wa kulala unafanana herufi kwa herufi na wakati uliopo wa kulaza. Mtu akifika kwenye "I lay" anahisi hapajakamilika, haina sauti ya jana, anaongeza "d" ili ajiridhishe. Tayari amehama mstari. Mwenzake anayekumbuka kwamba vitenzi vingi huongezewa "-ed" anatoka na "lied", ndiye yule wa mgonjwa anayedanganya sakafuni.

Namna ya kuligundua ukiwa unapitia kazi yako: kila unapokutana na "laid", uliza neno la Kiswahili, "nini?". "She laid the keys on the counter." Aliweka nini? Funguo. Sawa. "She laid on the counter." Aliweka nini? Kimya. Futa "d" na uandike "lay".

Upande wa pili wa kosa hilo una alama inayoonekana kwa haraka zaidi. Ukiona "he lay" au "she lay", bila "s", basi lazima iwe jana na lazima iwe kulala, kwa sababu kulaza kwa wakati uliopo kungekuwa "he lays". Kwa hiyo "The minister lay the foundation stone" haina namna ya kuwa sahihi. Waziri akiweka jiwe la msingi, kesho yake inaandikwa "laid". Vivyo hivyo shada la maua: "laid a wreath".

"Lain" haina haja ya kukuhangaisha. Inatumika baada ya "have", "has" na "had" tu, "The bags had lain there for two days", na watu wengi huikwepa kwa kuandika "had been lying". Fanya hivyohivyo.

Dalili: "The file is laying on the table"

Hapa chanzo ni kingine, ni maana hasa. Herufi ya "lying" inawatia watu shaka kwa sababu inafanana na kudanganya, wanaikimbia na kuishika "laying". Usiogope. "Lying" ni ya wote wawili, aliyelala na mwongo, na sentensi yenyewe ndiyo inayosema ni yupi. Faili haliwezi kudanganya, kwa hiyo "The file is lying on the table" haina utata wowote. Kinyume chake, "is laying" bila kutaja kinachowekwa inabaki na kiumbe mmoja tu anayestahili, naye ni kuku. "The hens are laying" ni Kiingereza safi, maana mayai yanajulikana hata yasipotajwa.

Ila usije ukaona "laid" karibu na "was" ukaifuta pia. "The file was laid on the table" ni sahihi kabisa: ni kauli ya kutendwa, faili liliwekwa na mtu. "The file was lying on the table" inasema lilikuwepo hapo, nani kaliweka hatujui. Mlinzi anayeandika ripoti ya wizi anahitaji kuchagua kati ya hizo mbili kwa makini, kwa sababu ya kwanza inamaanisha kuna mkono wa mtu.

Kuna chanzo cha ziada ambacho vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine havikitaji, kwa sababu kinatuhusu sisi. Kiambishi chetu "-me-" kwenye vitenzi vya mkao hakisemi jambo lililokwisha, kinasema hali iliyopo. "Amekaa" ni mtu aliyeko kitini sasa hivi, na "amelala" ni aliyeko kitandani sasa hivi. Anayetafsiri "-me-" kwa "has" kila mara anaandika "The patient has laid on the bed", makosa mawili kwa mpigo. Inatakiwa "is lying". Na hapo bado ujiulize kama hukukusudia "is asleep", maana "amelala" yetu inabeba yote mawili, na kwenye ripoti ya muuguzi wa zamu ya usiku mgonjwa aliyelala macho wazi si sawa na aliyesinzia.

Tukiwa bado wodini: "kulazwa" haivuki kwenda Kiingereza kwa mguu wake. "Amelazwa Muhimbili" ni "He has been admitted to Muhimbili". "He was laid in hospital" inamfanya msomaji aone watu wanamshusha mtu chini taratibu, na wengine watafikiria maiti.

Dalili: "Prices have raised", "They rose the fare"

Afadhali hapa maumbo hayagongani: "rise, rose, risen" upande mmoja, "raise, raised, raised" upande wa pili. Kosa likitokea, chanzo ni kutojua nani amefanya kitendo, au ni magazeti.

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kesho yake vichwa vya habari vya Kiingereza hukatwa ili vitoshee. Mhariri anaandika "Fuel prices raised", akiwa ameacha "were" kwa kubana nafasi. Msomaji anaichukua kama sentensi kamili na kuipeleka kwenye barua yake: "Since fuel prices raised, we request a review of our contract." Kwenye barua "were" lazima irudi, au ubadilishe kitenzi kiwe "rose" au "have risen". Chaguo lenyewe lina siasa kidogo. "Prices rose" haimtaji mtu, bei zimepanda zenyewe kama maji ya bahari. "Prices were raised" inakiri kuna aliyepandisha. Ukimtaja kabisa, kitenzi ni "raise" tu: "The owner raised the rent."

Kama "panda" na "pandisha" zinakuchanganya, tumia "fufuka" na "fufua", ambazo kwa Kiswahili hakuna anayezikosea. Kristo amefufuka, "Christ has risen". Mungu alimfufua, "God raised him". Jozi zetu za "-ka" na "-a" zinakwenda hivyo hivyo: aliinuka kitini, "he rose from the chair", aliinua mkono, "he raised his hand". Unga wa maandazi ukiumuka ni "rise", hata kama hamira umetia wewe. Kulea mtoto, kufuga mbuzi, kuchangisha fedha na kutoa hoja vyote ni "raise", kwa kuwa kila kimoja kina anayefanyiwa.

Kutoa hoja kunaleta kosa dogo linalopatikana sana kwenye mihtasari ya vikao: "A question raised about the budget." Swali halijainua kitu. Ama liliibuka, "a question arose", ama liliulizwa, "a question was raised". Kwa nyongeza ya mshahara, Uingereza husema "a pay rise" na Marekani "a raise". Hapa kwetu ofisi nyingi zinafuata Uingereza, chagua moja ukae nayo.

Ripoti moja, mstari kwa mstari

Msimu wa masika mtunza stoo mmoja wa ghala lililo bondeni, upande wa Vingunguti karibu na Mto Msimbazi, aliandika hivi:

"At 2 a.m. the water raised to the door. The bags were laying on the floor. We rose them onto the pallets and sat the wet ones near the wall. One guard was sick so he laid on the bench. In the morning the delivery note was still lying where I had lay it."

Tuanze na maji. "The water raised": yalipandisha nini? Hakuna. Ni "rose". Magunia "were laying": hayakuwa yanaweka kitu, ni "were lying". Angekuwa amekusudia kwamba vibarua waliyapanga chini jioni ile, angeandika "had been laid", na hilo kwenye madai ya bima lingebadilisha mambo, kwa hiyo nilimuuliza. Akasema yalikuwa chini tangu juzi yake, hajui nani aliyaacha. "Were lying" basi.

"We rose them": neno "them" lipo palepale, tuliyainua, kwa hiyo "raised". Mwingereza mwenyewe pengine angesema "lifted" kwa kitu kizito kinachonyanyuliwa kwa mikono, lakini "raised" si kosa. "Sat the wet ones" ni ya kuangalia kwa makini. "Sit" inaweza kupokea yambwa anapokalishwa mtu, "She sat the child on the bench", na hiyo ni sahihi. Magunia hayakalishwi, yanawekwa: "set the wet ones near the wall", na "set" haibadiliki, leo "set", jana "set". Mlinzi mgonjwa "laid" tumeshamwona, ni "lay".

Sentensi ya mwisho nilipigia mstari neno moja. Akanijia juu.

"Kaka, mbona hapa 'lying' umeniachia, na 'lay' umenikatia? Si zote ni za hiyo hiyo karatasi?"

Ni za karatasi moja, ila karatasi ina sehemu mbili katika sentensi hiyo. Mwanzoni iko yenyewe, imetulia mezani, "was still lying". Mwishoni kuna mtu aliyeiweka, "where I had ... it", na "it" hiyo ndiyo yambwa. Kwa hiyo tunahamia mstari wa pili wa ile jedwali, na baada ya "had" tunachukua safu ya tatu: "laid". Yeye alikuwa amepatia mstari, akakosea safu. Ni kosa tofauti na la mlinzi kwenye benchi, ambalo lilikuwa la kuhama mstari, japokuwa yote mawili yanahusu "lay" na "laid" zilezile.

Baada ya marekebisho ikasomeka: "At 2 a.m. the water rose to the door. The bags were lying on the floor. We raised them onto the pallets and set the wet ones near the wall. One guard was sick so he lay on the bench. In the morning the delivery note was still lying where I had laid it."

Kuhusu "sit" na "set"

Sisi hatuzichanganyi sana hizi mbili, kwa sababu "i" na "e" zetu ziko mbali na kila mtu anazisikia. Tatizo letu ni "sit" na "seat". Kiswahili kina "i" moja, Kiingereza kina mbili, fupi na ndefu, na masikioni mwetu zote zinaingia mlango mmoja. Ndiyo maana kuna "Please seat down" kwenye vibao vya mapokezi na "Have a sit" kwenye meseji. Kosa hili halitibiki kwa kuuliza "nini?", kwa kuwa mwandishi maana anaijua, amekosa tahajia ya sauti asiyoisikia. Shika hivi: "seat" ni kiti, na ikiwa kitenzi ni kukalisha watu, "The usher seated the guests". Kwa hiyo mshereheshaji ana njia kadhaa halali za kuwaambia wageni wakae: "Please sit down", "Please take a seat", au "Please be seated". "Please seat down" haimo.

"Set" ina ukaidi wake pale inapotumika bila yambwa. Jua linapozama ni "the sun sets", na zege likishika ni "the concrete has set". Hizo zichukue kama zilivyo. Fundi akikuuliza kama zege limeshika, "Has it set?", hakuna aliyekaa wala aliyekalishwa, na ukijibu "It has sat" atakutazama tu.